Shajara ya mradi: barua ya kuomba duka lituuzie viti kwa kamisheni

Aprili 14

Leo tumekubaliana karakanani kwetu Morogoro ni kiti kipi kitakachokwenda Dar es Salaam. Ni kile cha kulia chakula, cha mtiki, chenye fito nne zilizosimama mgongoni na sehemu ya kukalia iliyo sentimita 45 kutoka sakafuni. Tuna viti vizuri kuliko hicho, lakini hiki tunaweza kukirudia bila tofauti, kwa sababu kila kipande chake kina kiolezo cha plaibodi kilichotundikwa ukutani. Duka likiuza vinne leo na kuomba vinne vingine mwezi ujao, lazima vifanane na vya kwanza. Kiti cha meza ya chakula hakiuzwi kimoja kimoja kama kigoda, watu wananunua vinne au sita.

Mbao ni za mashamba ya Mtibwa, wilayani Mvomero. Risiti za kununulia na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS zipo kwenye faili. Nitatoa nakala ziambatane na barua, maana duka linaloweka mbao ngumu mbele ya wateja lina haki ya kujua zimetoka wapi.

Aprili 19

Siku nzima nimeshinda kwenye hesabu. Kabla ya kumwandikia mtu barua ya kamisheni, mtengenezaji anatakiwa ajue shilingi ngapi zinamrudia kwa kila kiti, na ajue kwa uhakika.

Kiti kimoja kinakula mbao za shilingi 34,000, pamoja na vipande vinavyotupwa. Ufundi ni 22,000. Gundi, msasa, sila na vanishi ni 9,000, na fungu la umeme na kodi ya karakana ni 5,000. Hapo tumefika 70,000. Maboksi ya kufungia na nauli ya mzigo hadi Dar vinaongeza 6,000, kwa hiyo kiti kikiwa kimesimama dukani kimeshatugharimu 76,000. Juu yake nimeweka 14,000. Katika hiyo kuna faida, na kuna malipo ya kusubiri: fedha iliyolala kwenye kiti dukani haiwezi kununua mbao. Tunataka 90,000 mkononi.

Sasa kamisheni. Maduka mengi niliyoulizia yanataka robo ya bei. Hapa ndipo mafundi wengi hupigwa na hesabu bila kudhulumiwa na mtu. Ukichukua 90,000 ukaongeza asilimia 25 unapata 112,500. Duka likikata robo ya bei hiyo linachukua 28,125, na wewe unabaki na 84,375. Robo ya bei ya karakana na robo ya bei ya kuuzia ni vitu viwili. Ili 90,000 ibaki baada ya duka kuchukua robo, gawa 90,000 kwa 0.75. Jibu ni 120,000: duka 30,000, sisi 90,000.

Kuna kodi pia. Duka likiwa limesajiliwa VAT, barua iseme wazi kama robo inahesabiwa kwenye bei yenye kodi au isiyo na kodi. Ndani ya 120,000 yenye VAT ya asilimia 18 kuna kodi ya zaidi ya 18,000, na ni lazima ijulikane inatoka kwenye fungu la nani. Duka tunaloliendea halijasajiliwa VAT, ila lina mashine ya EFD, kwa hiyo kwetu suala hilo ni jepesi.

Aprili 26

Nimekwenda Dar kwa treni ya SGR, nikiwa na kiti kimoja kimefungwa kwenye blanketi. Duka lipo barabara kubwa, linauza meza, makabati na vyombo vya nyumbani. Mwenye duka ni mama wa makamo, na ameanzia mbali katika biashara hii.

Nilimwamkia, akaitikia, akakigeuza kiti miguu juu kabla hajaniuliza jina. Akapitisha kidole kwenye maungio, akakisimamisha juu ya vigae na kukibonyeza kona kwa kona. Hakikuyumba. Kisha akasema, "Mwanangu, kiti ni kizuri. Ila mali kauli zimenichosha. Mtu analeta mzigo, hauuziki, simu hapokei, mimi nabaki na ghala la watu."

Nikamwomba aniambie yote yanayomsumbua, nami nikayaandika pale pale. Kwanza ni nafasi: kila mita ya duka ina kodi yake, na kiti kisichotoka kinakula kodi ya kitu kingine. Pili, kiti kikikwaruzwa na wateja wanaokalia kujaribu, nani analipa? Tatu, mteja anapiga picha kiti, anamtafuta fundi Morogoro na kukinunua huko kwa bei ya chini, na duka linakuwa limefanya kazi ya maonyesho bure. Nne, na hapa alikazia sauti: duka lina kiyoyozi, na viti vya mbao vilivyowahi kuletwa vilianza kulia "kwi kwi" baada ya wiki chache.

Nikamuuliza kama nimletee barua. Akajibu, "Lete. Lakini iwe inajibu haya, siyo ya kunisifia duka."

Mei 1

Suala la kiyoyozi nimelipeleka kwa fundi mwenzangu, kwa kuwa ahadi yoyote ya barua itasimama juu ya maungio yale.

Mwezi huu ni masika. Mbao zilizopangwa kwenye banda letu la wazi zinaonyesha unyevu wa asilimia 15 hadi 16 kwenye kipimo. Ndani ya duka lenye kiyoyozi mchana kutwa, mbao hiyohiyo itashuka polepole hadi karibu 10. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Sasa tazama pale ubao wa chini ya kikalio unapoingia mguuni. Ulimi wake una upana wa sentimita 7, na upana huo utapungua zaidi ya nusu milimita. Tundu la mguuni limefuata urefu wa mti, kwa hiyo lenyewe halipungui. Gundi inavutwa kingoni mwa ulimi, inaanza kuachia, na hapo ndipo mlio unapoanzia. Dalili ya kwanza huonekana kabla ya kusikika: mstari mwembamba kama unywele kwenye vanishi, pale ubao unapokutana na mguu.

Gundi kali zaidi haitatibu tatizo hili. Kinachotakiwa ni mbao kuingia kwenye kazi ikiwa imekauka kufikia hali ya mahali inakokwenda. Tumekubaliana mbao za viti hivi zikae kwenye kibanda cha nailoni kinachopata jua, zikiwa zimetenganishwa na vijiti ili hewa ipite, hadi kipimo kisome 11 au 12. Ulimi tutaupunguza upana hadi sentimita 5, maana ulimi mwembamba husinyaa kidogo. Hilo linasogeza tarehe ya kupeleka mzigo hadi Juni. Barua itaandikwa na tarehe hiyo, hata kama mama angependa mapema.

Mei 9

Barua imekamilika. Rasimu ya mwanzo ilikuwa na aya ndefu ya historia ya karakana, nikaifuta yote. Nainakili hapa kama ilivyokwenda, bila majina na anwani.

> Meneja,
> Duka la samani,
> Dar es Salaam.
>
> YAH: OMBI LA KUUZA VITI VYA MTIKI DUKANI KWAKO KWA KAMISHENI
>
> Shikamoo mama. Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Kama tulivyozungumza nilipokuja na kiti cha mfano, karakana yetu ya Morogoro inaomba kuweka dukani kwako viti saba vya kulia chakula vya mtiki: sita vya kuuza na kimoja cha kukalia wateja wanaojaribu. Vyote ni vya muundo mmoja na kila kimoja kina namba iliyochomwa chini ya kikalio. Tunaomba nafasi ya viti viwili tu mbele ya duka. Vingine vinaweza kukaa stoo vikiwa kwenye maboksi yake.
>
> Bei ya kuuzia ni shilingi 120,000 kwa kiti. Duka litabaki na 30,000, yaani asilimia 25 ya bei hiyo, na karakana itapata 90,000. Mteja akiomba kupunguziwa, uamuzi ni wako hadi kufikia 110,000, na punguzo litatoka kwenye fungu la duka. Risiti ya EFD atapewa mteja na duka, na karakana itakuandikia ankara ya fungu lake.
>
> Viti vitaendelea kuwa mali ya karakana hadi mteja atakapolipa. Duka halitudai wala hatulidai kwa kiti ambacho hakijauzwa. Kila tarehe 5 ya mwezi tunaomba orodha ya namba za viti vilivyouzwa mwezi uliopita, pamoja na malipo yake kwa Lipa Namba iliyo chini ya barua hii.
>
> Kiti kikilegea kwenye maungio, kikipasuka au kikianza kutoa mlio, kosa ni letu, kiwe bado dukani au kimeshafika kwa mteja, kwa muda wa miezi 12 tangu kuuzwa. Tutakichukua kwa gharama yetu na kuleta kingine. Kiti cha kuuza kikikwaruzwa au kuvunjika kikiwa mikononi mwa duka, duka litalipa gharama ya matengenezo, isiyozidi 90,000. Kiti cha kujaribia hakihesabiwi, uchakavu wake ni wetu. Tunaomba pia umjulishe wakala wako wa bima kwamba dukani kuna mali ya watu wengine unayowauzia, ili ikitokea moto nayo iwe imo.
>
> Mteja wa Dar es Salaam atakayetupigia simu moja kwa moja kuhusu kiti hiki ataambiwa bei ileile ya 120,000 na kuelekezwa dukani kwako. Katika kipindi cha makubaliano hatutampa duka jingine la barabara hiyo kiti cha muundo huu.
>
> Tunapendekeza kipindi cha majaribio cha miezi mitatu tangu siku ya kupokea mzigo. Kikiisha, viti visivyouzwa tutavifuata wenyewe kwa gharama yetu ndani ya siku 7. Ukihitaji nafasi yako kabla ya hapo, tupe taarifa ya siku 14. Viti vikibaki viwili au pungufu, tutaleta vingine ndani ya wiki tatu.
>
> Mzigo wa kwanza tunaweza kuufikisha katikati ya Juni. Muda huo ni wa kukausha mbao ili zihimili kiyoyozi cha duka lako.
>
> Naambatanisha picha na vipimo vya kiti, nakala za risiti za mbao na hati ya TFS, na mfano wa hati ya kupokelea mzigo. Ukiridhia, tafadhali tia saini nakala moja na kuturudishia.
>
> Wako mtiifu,
> Mwenye karakana.

Sentensi niliyoipigania sana ni ile ya mali kuendelea kuwa ya karakana. Mali kauli ya kawaida huenda kwa kuaminiana, na mradi kila mtu yuko hai na ana fedha, haina shida. Shida huja duka likishindwa kulipa kodi ya pango au mkopo, na mtu akaja kukamata mali iliyomo. Siku hiyo kiti chenye namba, hati ya mapokezi iliyosainiwa na barua inayosema ni cha nani vinaweza kuongea kwa niaba yako. Bila hivyo kinahesabika na makabati mengine.

Kuhusu punguzo, fundi mwenzangu alitaka tuligawane nusu kwa nusu. Nimekataa. Anayesimama mbele ya mteja ndiye anayejua kama mteja ataondoka kweli au anatega tu, basi na fungu linalopungua liwe lake. Nasi ndivyo tunavyolinda 90,000.

Mei 16

Mama amepiga simu. Amekubali karibu yote, kasoro mambo mawili. Malipo ya tarehe 5 anataka yawe tarehe 10, kwa sababu hesabu zake za mwezi hufungwa baada ya wiki ya kwanza. Nimekubali. Jambo la pili ni matengenezo ya kiti kilichokwaruzwa: aliogopa kwamba tutadai 90,000 kwa mkwaruzo mdogo. Tumeandika chini ya barua, kwa mkono, kwamba mkwaruzo wa vanishi unaotengenezeka palepale dukani ni 5,000, na tutautengeneza tunapoleta mzigo. Tumeweka saini zetu kando ya mistari hiyo, kwenye nakala zote mbili.

Juni 17

Viti saba vimepakiwa leo kwenye Kirikuu. Kabla ya kuvifunga tumesimamisha kila kimoja juu ya kigae kikubwa kilicholala sawasawa na kupitisha karatasi chini ya kila mguu. Sakafu ya saruji ya karakana ina mabonde, kiti kinaweza kusimama vizuri hapa kikayumba kwenye vigae vya duka. Kimoja kilipitisha karatasi mguu wa nyuma kushoto, tukausawazisha kwa msasa. Chini ya miguu yote tumebandika vipande vya kitambaa kizito, visikwaruze sakafu ya mama.

Dukani tulihesabu pamoja, tukasoma namba moja moja, akaandika "vimepokelewa vikiwa salama" na kutia saini.

Jambo moja nimemwomba mfanyakazi wake kwa msisitizo: viti viwili vya mbele visikae vilevile mwezi mzima penye jua la kioo. Mtiki uliorandwa karibuni una rangi isiyotulia. Mwanga huufanya ukolee na kuwa wa dhahabu, na vile vilivyo ndani ya maboksi hubaki nyuma. Mteja akinunua sita, viwili vya dirishani vitaonekana kama vya karakana nyingine. Kwa hiyo kila wiki viwili vinaingia stoo na viwili vinatoka. Vilivyomo stoo vimefunguliwa sehemu ya juu ya boksi, navyo vipate mwanga.

Julai 10

Orodha ya Juni imefika leo, na fedha imeingia saa nne asubuhi. Hakukuwa na mauzo mengi: zilikuwa zimebaki siku chache tu mwezi kwisha, na mteja mmoja alichukua viti vinne. Aliomba apunguziwe, mama akamwachia kwa 112,000 kila kimoja. Jumla iliyolipwa dukani ni 448,000. Sisi tumepokea 360,000, mama kabaki na 88,000. Kwa utaratibu wa robo ya bei iliyouziwa, fungu letu lingekuwa 336,000.

Nilimuuliza kama punguzo lile lilimuuma. Alisema hapana, kwa kuwa mteja yule alinunua na meza ya duka.

Dukani vimebaki viwili vya kuuza na kile cha kujaribia, kwa hiyo zile wiki tatu za kuleta vingine zimeshaanza kuhesabiwa. Mbao za viti vinne zipo kibandani na kipimo kinasoma 11. Mfanyakazi wa duka amenitumia picha za maungio ya vile viwili, zimepigwa karibu. Nimezikuza kwenye simu: kwenye namba 03 hakuna kitu. Kwenye namba 06, mguu wa mbele kulia, naona kama kuna mstari. Inaweza kuwa ni mwanga tu. Nimemwomba asikiuze hadi nifike na mzigo nikikague, na nimeongeza kiti cha tano kwenye oda ya karakana ili nikilazimika kurudi Morogoro na hicho cha 06, nafasi yake isibaki wazi.